Liemba Haionekani Ndani

Mwaka ule nilikuwa bado naishi Mwanga, Kigoma, na kijana wa jirani alikuwa ameanza chaneli ya YouTube. Jioni moja akanifungulia YouTube Studio, ukurasa wa takwimu za chaneli yake. "Kaka, hebu ona. Kila mia wanaoonyeshwa video hii, kumi na mmoja wanabofya. Mbona basi video imegoma kusambaa?"

Kumi na mmoja kwa mia ni wengi kweli. Video nyingi hucheza kati ya 2 na 10. Ila mstari wa pili ulisema watu walitazama sekunde 48 kwa wastani, na video ilikuwa ya dakika tisa.

Kichwa chake: "Ndani ya meli ya vita iliyozamishwa Ziwa Tanganyika." Nani asingebofya? Wajerumani waliizamisha Liemba mwaka 1916, ikaibuliwa 1924. Picha ya jalada ilikuwa meli yenyewe. Lakini video ilianzia Kibirizi, akina mama wanaanika dagaa kwenye chanja, wakasimulia bei. Meli ilitokea dakika ya sita, imepigwa kwa mbali kutoka nje ya bandari. Ndani hakuingia kabisa.

Yeye alidhani tatizo ni sauti, kwa sababu upepo ulivuma kwenye maiki. Inawezekana, maana muda mfupi peke yake hausemi kosa liko wapi. Nikamwambia tuangalie mchoro unaoonyesha watazamaji wanaobaki. Ulianguka kama jiwe ndani ya sekunde thelathini, ukatambaa chini, halafu dakika ya sita ukapanda kidogo. Sauti mbaya haipandishi mchoro. Waliobaki walikuwa wanarukaruka mbele kuitafuta meli.

Kilichonimalizia ubishi ni video yake ya zamani ya dagaa wa Kibirizi. Akina mama walewale, upepo uleule, kichwa kinachotaja dagaa. Waliobofya walikuwa wachache, lakini walikaa zaidi ya dakika tatu. Kumbe dagaa hawakuwa na shida. Walikuwa wamepelekewa watu waliokuja kuona meli.

Kuhariri upya hakukuhitajika. Tulibadilisha kichwa kikawa "Dagaa wa Kibirizi: kutoka ziwani hadi sokoni", na jaladani tukaweka chanja. Baada ya wiki kadhaa akaja amenuna.

"Kaka, umeniua. Sasa wanabofya sita tu."

"Na wanakaa muda gani?"

"Dakika tatu na nusu."

Nikachukua kalamu. Kwa kila watu elfu wanaoonyeshwa, zamani walibofya 110, wakakaa sekunde 48: jumla dakika 88. Sasa wanabofya 60, dakika tatu na nusu kila mmoja: dakika 210. Akaikokotoa mwenyewe kwenye simu, mara mbili, akidhani nimemchezea. Kisha akauliza kibali cha kupiga picha ndani ya Liemba kinaombwa ofisi gani.