Elfu moja mia tano iliyoingia bila kuonekana

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mombasa. Jumanne moja nilikuwa dukani Mtaa wa Biashara nikinunua vitambaa vya shilingi 2,400, na kwenye simu nina 400 tu. Nikakubali Fuliza, huduma ya M-Pesa ya kukopa salio lisipotosha, inikopeshe 2,000 zilizopungua. Ijumaa mteja akanitumia 1,500 za gauni. Nilipotazama salio, sifuri. Nikampigia: "Dada, pesa haijafika." Akaapa ameituma, na kweli alikuwa ameituma.

Usiku niliomba taarifa ya akaunti kwenye simu. Shida ya kwanza ni kwamba miamala ya karibuni hukaa juu, kwa hiyo ukisoma kama barua unaona deni likilipwa kabla ya kukopwa. Nikaanza chini, nikipanda. Jumanne, kwenye safu ya Paid In, kulikuwa na 2,000 yenye maelezo OverDraft of Credit Party. Yaani mkopo wangu mwenyewe umeandikwa kama pesa iliyoingia! Ijumaa kulikuwa na mistari miwili ya dakika ile ile: 1,500 ya mteja kwenye Paid In, na 1,500 kwenye Withdrawn, yenye maelezo OD Loan Repayment. Pesa ilifika, ikakatwa papo hapo.

Nikadhani nimebakiza deni la 500. Lakini ujumbe wa simu ulisema 580, na kwenye taarifa sikuona popote mstari wa hizo 80. Nikatafuta hadi macho yakauma. Kumbe ada ya kukopa na ada ya kila siku haziandikiwi mstari wake, zinaongezwa kwenye deni kimyakimya na kutoka pamoja na makato. Jumapili mteja mwingine alituma 1,000. Zikakatwa 592, nikabakiwa na 408. Zile 12 za ziada ni ada ya siku mbili.

Basi hesabu yangu ikawa hivi: najumlisha makato yote ya OD Loan Repayment, 1,500 na 592, napata 2,092. Natoa 2,000 nilizokopa. Kitambaa changu kimeniongezea gharama ya shilingi 92. Hesabu hii inakubali tu deni likiisha kabisa. Ukiifanya katikati, kama mimi Ijumaa ile, inakudanganya.

Mteja nilimwomba radhi, akacheka, ila mkono wa gauni nilimshonea bure.

Mwezi uliofuata chama cha akiba na mikopo kilitaka taarifa ya miezi 6 kupima kipato changu. Jumla ya Paid In ilinipendeza mno, mpaka nilipokata kwa kalamu kila mstari wa OverDraft. Nilimpelekea karani ikiwa imeshakatwa. Akaniuliza nani amenifundisha, nikamwambia gauni.