99 kati ya 297

Saa nne usiku mdogo wangu alinitumia picha, bila hata salamu. Ilikuwa jedwali kwenye karatasi inayokuja ndani ya boksi la kipimo cha haraka cha homa ya ini aina ya C. Mchana walipimwa wote kazini, na kwake ikatokea mistari miwili. Chini ya picha aliandika: "Dada, usahihi 99%. Basi ndiyo hivyo."

Nikampigia palepale. Kidole chake kilikuwa kimefunika kisanduku kimoja cha jedwali, nikakijaza kwa kutoa. Wenye ugonjwa walikuwa 200: kipimo kiliwaona 198, kikawakosa 2. Wasio nao walikuwa 800: kiliwasingizia 16, kwa hiyo chini ya kidole palikuwa na 784.

"Hiyo 99% ni ya wagonjwa," nikamwambia. "Inasema, mtu akiwa anao, kipimo kitamwona. Wewe unauliza kinyume chake: kimeshakuona, je, unao?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nisome mstari wa waliokutwa nao. 198 kati ya 214. Karibu 93%. Afadhali iko wapi, dada?"

Swali lilikuwa zuri, na kwa sekunde kadhaa sikuwa na la kumjibu. Halafu nikaziona zile jumla, 200 na 800. Waliokijaribu kipimo ndio waliowachagua watu hao, mmoja kati ya watano akiwa mgonjwa. Kwao hapo kazini haiwezi kuwa hivyo. Nikamuuliza, huku nikiona haya, kama amewahi kuongezewa damu, kuchangia sindano na mtu, au kuwa na macho ya manjano. Angesema ndiyo, ningeanzia juu zaidi. Akasema hapana.

"Haya, chukua kalamu. Tukadirie mmoja kati ya 100. Katika watu 10,000, wenye ugonjwa ni 100, na kipimo kinawaona 99. Wazima ni 9,900. Kinasingizia 2 katika kila 100. Wangapi hao?"

Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. "198."

"Jumlisha na wale 99."

"297." Kimya. "Wanaoumwa kweli ni 99 tu. Theluthi moja."

Sauti yake ilibadilika, ingawa theluthi si jambo dogo na sikutaka aione ndogo. Akasema asubuhi atanunua kipimo kilekile ajipime tena. Nikamkataza. Kilichokidanganya kipimo cha kwanza, kama kimo ndani ya damu yake, kitakidanganya na cha pili. Tena mistari ile inaonyesha kingamwili, ambazo hubaki hata kwa mtu ambaye mwili wake umeshavishinda virusi. Alihitaji kipimo cha maabara kinachotafuta virusi vyenyewe.

Alitoa damu kesho yake. Zile siku za kusubiri majibu, picha ya jedwali aliifuta, ila karatasi yenye 99 na 198 aliikunja akaiweka kwenye pochi. Majibu yalipotoka alinisomea mwenyewe kwenye simu: virusi havikuonekana.