Fremu moja iliyomulika kwenye video ya ngoma

Nilikuwa nahariri video ya ngoma tuliyorekodi Bagamoyo kwa kamera mbili, na sauti ikatoka kwenye kinasa kimoja cha pembeni. Mwalimu wa kikundi alipotazama nakala ya kwanza alisema, "Mdogo wangu, hapo mcheza anapogeuka kuna kitu kimemulika." Nikacheza kwenye laptopu yangu, mara kinaonekana, mara hakionekani. Mashine dhaifu huruka fremu inapocheza, kwa hiyo video kupita vizuri mbele ya macho hakuthibitishi kwamba ni safi.

Nikaacha kucheza, nikahesabu fremu. Video yetu ni ya fremu 25 kwa sekunde, yaani kila fremu hukaa milisekunde 40. Katika Premiere Pro mshale wa chini wa kibodi hukupeleka kwenye mkato unaofuata, mradi njia ya picha unayoikagua iwe imewashwa. Nilifika kwenye 00:03:12:07. Nikabonyeza tena, nikitarajia kuruka sekunde kadhaa hadi mkato mwingine, lakini namba zikasomeka 00:03:12:08. Mikato miwili imepishana fremu moja! Nikarudi kwa mshale wa kushoto, na hapo picha ya watazamaji ikajitokeza katikati ya mcheza na mpiga ngoma. Kilikuwa kipande kilichobaki mkato uliposogezwa. Taimlaini ikiwa imebanwa, kipande hicho ni chembamba kuliko mstari wa mkato wenyewe. Nilipoivuta kwa kitufe cha = ndipo kikaonekana.

Kukifuta kunahitaji utulivu. Shift + Delete hufuta na kuvuta vyote vinavyofuata, na mimi njia ya sauti nilikuwa nimeifunga isisogee. Picha zote za mbele zingewahi sauti kwa fremu moja. Moja huenda isionekane, lakini ukifanya hivyo mara tatu ni milisekunde 120, na kwenye ngoma mkono unaotua kabla ya mlio huonekana wazi. Kwa hiyo nilitumia Delete peke yake. Likabaki pengo jeusi la fremu moja, ambalo nalo lingemulika kama lingeachwa.

Nikashika mwanzo wa klipu ya mpiga ngoma, nikauvuta kushoto hadi ukashikana na mwisho wa klipu ya mcheza. Mkono wake ukaanza kuonekana fremu moja mapema, bila kuhama dhidi ya sauti. Kama klipu hiyo isingekuwa na picha ya ziada mwanzoni, ningerefusha mwisho wa ile ya mcheza, ingawa hapo alikuwa ameshaanza kutoka kwenye picha.

Nilipotoa faili jipya nililifungua, nikapita tena kwa mshale wa kulia kuanzia 00:03:12:05 hadi 00:03:12:10: mcheza, mcheza, mpiga ngoma, basi. Ndipo nikamtumia Mwalimu.