Siku moja maishani mwangu: sarafu, pantoni na mishale ya Kidato cha Pili

Saa 12:10 asubuhi. Pantoni imeng'oa nanga upande wa Kigamboni, nami nimesimama pembeni nikiwa na sarafu ya shilingi mia mbili kiganjani. Nafundisha fizikia sekondari upande wa mjini, na wiki hii tumo kwenye kanuni za Newton za mwendo. Chombo kilipofika katikati ya maji na mwendo kutulia, niliirusha sarafu wima, ikapanda kupita kichwa changu, kisha ikarudi kiganjani palepale.

Mama mmoja mwenye ndoo za samaki alikuwa ananitazama. "Mwanangu, mbona haikuangukia nyuma? Si pantoni inaondoka?"

"Shikamoo mama. Hilo ndilo swali ninalokwenda kuwauliza wanafunzi."

Nikamweleza. Ukirusha sarafu kwa mita 5 kwa sekunde, inakaa angani sekunde 1 hivi. Tuseme pantoni inakwenda mita 3 kwa sekunde. Kama chombo kingeiacha sarafu, ingeanguka mita 3 nyuma yangu, huko kwenye pikipiki. Lakini kabla sijaiachia ilikuwa inasafiri pamoja nasi, na nilipoiachia hakuna kilichoizuia isiendelee mbele. Mama akafikiri, akauliza, "Na karatasi je?" Swali zuri mno. Karatasi nyepesi hupeperushwa na upepo, kwa hiyo haifai kwa jaribio hili. Pia haifai kurusha pantoni inapopunguza mwendo ili kutia gati, maana hapo sarafu itatua mbele ya kiganja.

Saa 2:00. Kipindi cha kwanza. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba, kaeni." Nikagawa nusu karatasi kwa kila mmoja, bila kuandika majina. Nikarusha sarafu mbele yao mara tatu, kisha nikachora ubaoni sarafu ikiwa mahali patatu: inapanda, iko kileleni, inashuka. Nikasema: "Sarafu imekwisha kutoka mkononi. Kwa kila picha, chora mishale ya kani zinazoivuta au kuisukuma sarafu wakati huo. Upepo usijali. Pembeni ya kila mshale andika nani anavuta au nani anasukuma."

Nauliza kwa Kiswahili kwa makusudi, ingawa somo lenyewe tunalifundisha kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza mwanafunzi hunirudishia sentensi ya daftari, imenyooka, nami siambulii kujua anachoamini. Kwa Kiswahili anasema la moyoni.

Zamani swali hili nililiuliza hivi: "Taja kani zinazofanya sarafu ipande." Nilikuwa ninawafundisha kosa mimi mwenyewe, kwa sababu swali limeshakubali kwamba iko kani inayoipandisha. Sasa kila swali jipya nalisoma kwanza kuona kama halimpi mwanafunzi jibu baya.

Saa 4:15. Chai na chapati ofisini, karatasi zimetandazwa mezani. Nazigawa marundo.

Rundo nene ndilo lilelile la kila mwaka. Sarafu inapanda: mshale mrefu wa juu, mfupi wa chini. Kileleni: mishale miwili sawa. Inashuka: wa chini ndio mrefu. Pembeni ya mshale wa juu wameandika "nguvu ya mkono". Mmoja ameongeza, "inapungua polepole mpaka inaisha". Rundo la pili wamechora mshale wa chini peke yake inapopanda na inaposhuka, lakini kileleni hawakuchora chochote, "kwa sababu imesimama". Rundo la tatu, jembamba, lina mshale mmoja wa chini wenye urefu uleule mahali pote patatu, na pembeni: "dunia". Hilo ndilo jibu sahihi.

Rundo nene sipendi kabisa kuliita ujinga. Katika karne ya 14 Jean Buridan, mwanazuoni wa Paris, alifundisha kwamba anayerusha jiwe hulitia msukumo, nao ndio unaolipeleka. Wanafunzi wangu wameona kitu cha kweli: sarafu inayopanda inabeba kitu. Kitu hicho ni momenta, yaani tungamo mara velositi, ule mwendo pamoja na upande unakoelekea. Kosa ni kukiita kani. Na lugha yetu inachangia, maana neno "nguvu" tunalitumia kwa kani, kwa nishati, kwa ubavu wa mtu, hata kwa jiwe lililorushwa. Kani haibebwi na kitu kimoja. Iko baina ya vitu viwili, na msukumo wa mkono huisha mara mkono na sarafu vinapoachana. Ndiyo maana nataka waandike "nani". Mkono uko wapi sarafu ikiwa juu? Mezani!

Saa 6:00. Kipindi cha pili na darasa lilelile. Nimeanza na rundo la pili, wale wa "imesimama", kwa kuwa hesabu inawasaidia haraka. Sarafu imetoka mkononi kwa mita 5 kwa sekunde. Tukichukua mchapuko wa mvutano, yaani velositi inavyobadilika kila sekunde, kuwa mita 10 kwa sekunde kila sekunde, inafika kileleni baada ya sekunde 0.5, kwenye urefu wa mita 1.25.

"Sekunde 0.1 kabla ya kilele, ina velositi gani?"

"Mita 1 kwa sekunde, kwenda juu."

"Na sekunde 0.1 baada ya kilele?"

"Mita 1 kwa sekunde, kwenda chini."

"Kutoka 1 juu hadi 1 chini imebadilika kiasi gani?" Kimya. Kisha msichana wa dirishani akasema, "Mbili, mwalimu." Mabadiliko ya 2 katika sekunde 0.2 ni 10 kwa sekunde, yaleyale ya mwanzo. Kwa hiyo kileleni velositi ni sifuri, mchapuko si sifuri. Kijana mmoja akamalizia kwa sauti: "Kama kani ingekwisha pale juu, sarafu ingebaki hukohuko!"

Kwa rundo nene nilitumia swali pacha, lenye wazo lilelile katika vazi jingine. Mtu anasukuma mkokoteni Kariakoo kwenye barabara tambarare, mwendo haubadiliki. Vinavyoukinza mwendo, msuguano na vinginevyo, jumla ni nyutoni 150. Anasukuma kwa nyutoni ngapi? Wengi walisema zaidi ya 150, "la sivyo usingekwenda". Nikauliza, "Akisukuma kwa 180, hizo 30 za ziada zinafanya nini?" Wakabishana wenyewe mpaka wakafika: zingeuongezea mkokoteni mwendo, na nimesema mwendo haubadiliki. Basi ni 150 kamili. Zaidi ya hapo huhitajika pale anapoanza kuuondoa au anapouongezea mwendo.

Aliyejibu sarafu sawasawa akakosea mkokoteni, huyo amekariri. Bila pacha nisingemgundua.

Saa 9:30 alasiri. Naandika orodha yangu daftarini. Kila mstari una swali, jibu baya kwa maneno ya wanafunzi wenyewe, swali la kufuatia na pacha wake. Njia hii si yangu. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake wawili walitoa mtihani wa kuchagua ambao majibu yake ya kupotosha ni mawazo ya kawaida ya watu kuhusu kani. Yangu ina maswali tisa tu. Kila moja limepita darasani, na lisilotenganisha marundo nalifuta.

Saa 11:20 jioni. Niko tena pantoni, watu wamejaa, hakuna nafasi ya kurusha kitu. Nimeandika swali la kumi kwa kalamu ya risasi: "Uko katikati ya maji, pantoni haibadilishi mwendo. Unaruka wima na kubaki hewani nusu sekunde. Utatua wapi: mbele, nyuma, au palepale? Nani anakusukuma kwenda mbele ukiwa hewani?" Sehemu ya pili ndiyo itakayonionyesha marundo kesho.