Ualimu, mshahara mdogo, na kozi iliyonibakiza darasani
Nilipochagua ualimu nilijua mshahara ni mdogo. Nilichobobea ni kusaidia watoto wanaoshindwa kusoma. Kozi ya kazi hiyo niliisoma wakati wa likizo ili nisiache kazi, na kabla ya kulipa ada nilimuuliza mwajiri kama cheti hicho kinapandisha daraja. Si kila cheti kinapandisha, ulizeni mapema!

Sasa nafundisha jioni kwa malipo, na mzazi akiniletea mtoto "anayesoma kitabu chake vizuri ila kingine hawezi", humpa maneno ya kubuni, kama "kebodu" au "tafimo". Akikwama, huenda kitabu alikikariri tu, hajui kuunganisha herufi na sauti. Tunarudi kwenye silabi.

Malipo ya jioni hizo ndiyo ada yangu ya uzamili. Wanafunzi wangu wa darasani siwatozi, hao ni wajibu wangu.