Nilivyoondoa mstari wa ukuta nyuma ya mahamri

Picha ya kwanza niliyompigia mama mdogo ilikuwa ya mahamri, sahani moja iliyopandwa kama kilima, na bakuli la mbaazi za nazi ubavuni. Niliweka meza kwenye dirisha la chumba changu hapa Kibokoni, Mombasa, nikaisukuma hadi ukutani, nikapiga. Aliitazama kwenye simu, akaipanua kwa vidole viwili, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona mahamri yangu yamepigwa panga?"

Alikuwa na haki. Pale meza ilipokutana na ukuta palikuwa na mstari mweusi, nao ulipita katikati ya kilima cha mahamri, kutoka pembe moja ya picha hadi nyingine. Ukishauona huwezi kuona kitu kingine.

Nikanunua karatasi ya manila nyeupe, nikaibandika ukutani kwa juu na kuiacha iteremke mpaka mezani kwa mpindo, bila kuikunja. Mstari ukatoweka. Lakini mahamri nayo yakaonekana yanaelea, hayana pa kukaa, kama yamekatwa kwa mkasi na kubandikwa hewani. Isitoshe, unyevu wetu huu uliipinda manila ikawa mawimbi kabla hata ya siku mbili.

Basi nikajua ninachotaka. Mbele nilitaka meza yenye mikwaruzo na chembechembe, ambayo mtu akiitazama ahisi angeweza kuigusa. Nyuma nilitaka pasiwe na kitu wala mstari. Na nilitaka vyote viwili viwe juu ya kitu kimoja kisicho na mshono.

Nilichagua kitambaa cha marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo jina lake lilikuja na wafanyabiashara wa Marekani waliokuwa wakiileta pwani hii karne ya 19. Ni imara, hakivutiki, na hushika rangi. Nilinunua mita 2 na nusu kwenye upana wa sentimita 150. Nitaeleza baadaye kwa nini mita hizo zilikuwa nyingi mno.

Fundi wa rangi wa mtaani kwetu alinipa mchanganyiko: vikombe viwili vya rangi ya maji isiyong'aa, kikombe kimoja cha unga wa fila ya ukutani, na nusu kikombe cha gundi nyeupe ya mbao ili uji ule usiwe mkavu na kuvunjika. Nilichagua kijivu chenye ubuluu kidogo, kwa sababu mahamri ni ya rangi ya dhahabu na buluu huyafanya yawake. Nikakitandika kitambaa juu ya dari, nikakipaka rangi tupu mara moja, na ilipokauka nikapiga uji kwa skrepa kitambaa kizima, huku nikiukwaruza na kuugonga kwa sponji. Kilipokauka kilikuwa kizuri kweli. Kilifanana na ukuta wa zamani wa chokaa.

Nikakitundika nyuma ya meza, nikakiteremsha kwa mpindo, nikapiga. Kilipasuka mahali pa mpindo, nyufa kama za tope la kiangazi. Hilo nililitarajia kidogo. Ambalo sikulitarajia ni kwamba hata palipokuwa hapajapasuka, mpindo ulionekana waziwazi. Hapakuwa na mstari tena, lakini jicho lilijua kabisa meza inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Nilikaa na picha ile usiku mzima nikijiuliza ni nini kinachonisaliti.

Kumbe ni chembe zenyewe. Mahamri yaliyorundikwa hupigwa kamera ikiwa chini, imeinama kiasi cha nyuzi 15 tu. Kwa pembe hiyo meza huonekana imebanwa sana: doa lenye urefu wa sentimita 4 kwenda nyuma huonekana kama lina sentimita 1. Lakini doa lile lile likiwa kwenye sehemu ya kitambaa iliyosimama, kamera hulitazama uso kwa uso, na huonekana na sentimita zake 4 zote. Kwa hiyo mbele mikwaruzo yangu ilikuwa myembamba iliyolala, na ghafla nyuma ikafumbuka ikawa mabaka mapana. Jicho halihitaji mstari kujua kwamba kitu kimesimama. Mabaka yale yanatosha kumwambia.

Dawa yake, basi, ilikuwa kuyaua mabaka kabla ya mpindo kuanza. Chembe ziwe nzito mbele chini ya sahani, zipungue taratibu zikienda nyuma, na zikifika kwenye mpindo pawe na rangi tupu laini.

Nikanunua kitambaa kingine. (Kile cha kwanza sasa kimefunika pikipiki ya kaka yangu.) Safari hii nilimwomba seremala anikatie plaiwudi ya nusu inchi, upana sentimita 120 na kina sentimita 80. Sehemu ya mbele ya kitambaa niliibandika juu yake kwa gundi ya mbao, nikaikamua kwa rola kutoka katikati kwenda pembeni ili kusibaki hewa. Sehemu ya nyuma niliiacha huru. Kwa hivyo sehemu yenye fila haikunjwi kamwe, na ile ya rangi tupu ndiyo inayopanda na kuviringishwa kwenye paipu ya plastiki ninapoiweka. Tangu hapo sijaona ufa hata mmoja.

Uji niliupaka kwa unene wa milimita 1 hivi kwenye sentimita 40 za mbele. Kutoka hapo hadi sentimita 65 niliuvuta kwa sponji yenye maji, kila hatua ukizidi kuwa mwembamba, na nikasimama nao kabisa kabla ya ukingo wa mbao. Hapa unyevu wa Mombasa ulinisaidia kwa mara ya kwanza maishani, maana rangi ilibaki mbichi muda wa kutosha nikaweza kurudi na kuifuta pale nilipoacha ukingo mkali. Mikwaruzo nayo niliifanya midogo. Kitambaa cha kwanza kilikuwa na mabaka mapana kama kiganja, na kando yake hamri lilionekana kama la mwanasesere. Sasa hakuna alama iliyozidi upana wa punje ya mbaazi.

Mpangilio ni huu. Dirisha liko kushoto. Sahani iko sentimita 30 kutoka ukingo wa mbele wa ubao, kwa hiyo nyuma yake kuna sentimita 50 za meza kabla kitambaa hakijaanza kupanda. Kinapanda kwa mpindo mpana, kana kwamba kimezungushwa nje ya sufuria kubwa ya pilau, si kwa kona. Mpindo mkali hunasa mwanga wa dirisha kwa namna nyingine na kuchora mkanda mweusi, hata kama hakuna chembe yoyote. Kamera iko mita 1 kutoka kwenye sahani, lenzi ya milimita 50, na tundu lake la mwanga naliweka f/5.6. Nikifungua zaidi, bakuli la mbaazi lililo nyuma kidogo linapotea ukungu. Nikifunga hadi f/16, kila uzi wa kitambaa unajitokeza hadi nyuma, na kazi yangu yote ya sponji inakuwa bure.

Kuhusu zile mita 2 na nusu: nilipopima picha niligundua kwamba, kwa pembe hiyo na lenzi hiyo, kamera inaona kiasi cha sentimita 20 tu za kitambaa kilichopanda. Kingine chote kinaning'inia juu ya fremu kikikusanya vumbi. Mita 1 na nusu ingetosha, pamoja na ile ya kushikia mpindo.

Nikishapiga, sitegemei jicho langu, kwa sababu limeshakijua kitambaa. Nageuza picha juu chini kwenye skrini na kuiondoa rangi iwe nyeusi na nyeupe. Mahamri yakigeuka kuwa kitu kisichoeleweka, mkanda wowote uliojificha nyuma yake hujitokeza. Picha tatu za mwanzo zilikuwa na mkanda mwepesi upande wa kulia, mbali na dirisha. Nilisogeza paipu ya juu nyuma kwa sentimita 10, mpindo ukalegea, mkanda ukaondoka.

Neno moja kuhusu dirisha, kwa kuwa maelezo mengi ya upigaji picha yameandikwa na watu wa Ulaya. Wao husema dirisha la kaskazini halipati jua la moja kwa moja. Huku kwetu, kusini ya ikweta, mwezi wa Juni na Julai jua huwa upande wa kaskazini, na dirisha langu la kaskazini hunimwagia jua kali adhuhuri juu ya mahamri. Miezi hiyo hutundika shuka jeupe, au hupiga asubuhi mapema.

Kilichobaki ni mafuta. Chakula kinamwagika, na rangi ya maji hunyonya. Nilipaka vanishi, kwa uzembe nikachukua ile ya kung'aa, na dirisha zima likaonekana mezani kama dimbwi jeupe. Ilinibidi niisugue kwa msasa laini mpaka ikafa mng'ao, kisha nikapaka mikono miwili ya vanishi isiyong'aa.

Hata hivyo mama mdogo hutia manjano kwenye mbaazi zake, na siku ya picha ya mwisho alisogeza bakuli mwenyewe. "Niache, nataka ionekane imejaa," akasema, na mchuzi ukamwagika pale msasa ulipokuwa umekula vanishi hadi kwenye rangi. Nikakimbilia sabuni ya mche. Doa la njano likageuka jekundu kama damu mbele ya macho yetu, mama mdogo akapiga yowe. Ni tabia ya manjano: ikikutana na kitu chenye magadi, kama sabuni, huwa nyekundu. Nilikamua ndimu juu yake, ikarudi njano, nikafuta kwa maji. Kisha nikapandisha ubao darini na kuuacha juani, maana rangi ya manjano haistahimili jua. Kwa siku tatu ilififia ikabaki kivuli tu, upana wa shilingi.

Hapo ndipo sahani hukaa siku hizi.