Jinsi tulivyofikisha azimio letu mezani, wanahisa wadogo wa Malindi

Hisa zangu ni 8,400. Nilizinunua kidogokidogo nilipokuwa mhasibu wa hoteli hapa Malindi, katika kampuni ndogo iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Kampuni yenyewe siitaji jina, kwa sababu wenzangu bado wana hisa zao humo na mambo mengine hayajesha.

Kilichonishughulisha ni mstari mmoja katika hesabu za mwaka. Kampuni ina ardhi kubwa, sehemu yake huku Pwani, na ardhi hiyo iliandikwa kwa bei iliyonunuliwa miaka ya sabini: shilingi milioni 41. Hilo si kosa la kisheria. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinairuhusu kampuni kuweka mali kwa gharama ya kununulia au kwa thamani iliyokadiriwa upya. Lakini ukiwa mwanahisa mdogo, na hisa inauzwa sokoni shilingi 34, hujui unachokiuza. Sisi tunaopita barabara ya Mombasa tunaikumbuka Rea Vipingo, kampuni ya mashamba ya mkonge. Mwaka 2013 wenye kutaka kuinunua walianza na shilingi 40 kwa hisa, akatokea mshindani, na mwishowe bei ikafika 85. Waliokuwa wakigombania walikuwa wanaitazama ardhi. Aliyeuza mapema kwa kutojua, alikwisha kuuza.

Kwa hivyo tulitaka jambo moja: bodi imlete mthamini wa ardhi wa kujitegemea, na matokeo yachapishwe katika ripoti ya mwaka.

Mwaka wa kwanza tulishindwa kabla hata ya kufika mkutanoni. Kwa sheria yetu ya makampuni ya mwaka 2015, wanahisa wenye asilimia 5 ya kura wanaweza kuitaka kampuni ya umma itume azimio lao kwa wanahisa wote pamoja na taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka. Kampuni yetu ina hisa milioni 24, kwa hivyo tulihitaji 1,200,000. Mtu asidhani njia hii iko wazi kwa kila kampuni. Safaricom ina hisa zaidi ya bilioni 40, na asilimia 5 yake ni zaidi ya bilioni mbili. Huko wanahisa wa mtaani wakusanyane vipi? Kwetu iliwezekana kwa kuwa kampuni ni ndogo na hisa nyingi ziko mikononi mwa familia za zamani za Malindi, Lamu na Mombasa, pamoja na mfuko mmoja wa pensheni.

Nilizunguka miezi mitatu na daftari langu, nikapata ahadi za hisa 1,346,000. Nikafurahi mapema mno. Katibu wa kampuni alilipeleka ombi letu kwa msajili wa hisa, anayetunza daftari la wanahisa, na msajili akaanza kupunguza. Hisa 96,000 zilikuwa za marehemu. Wanawe wawili walitia saini, lakini daftarini jina lilikuwa bado la baba yao. Warithi hawawezi kutumia kura mpaka mirathi ipite mahakamani, kwao ni kwa Kadhi, kisha hisa zihamishwe. Hisa 187,000 za mfuko wa pensheni ziliandikwa kwa jina la benki inayozitunza. Wadhamini wa mfuko walitia saini kwa nia njema, lakini anayetambuliwa kuwa mwanahisa ni yule aliye daftarini, yaani benki.

La tatu liliniuma zaidi kwa sababu lilikuwa la nyumbani. Shangazi yangu ana hisa 22,000. Kitambulisho chake kinasema Mwanaisha, neno moja. Cheti chake cha hisa cha zamani kinasema Mwana Aisha, maneno mawili, na saini iliyokuwa kwa msajili aliitia akiwa msichana, kwa herufi za Kiarabu. Nilikaa naye barazani baada ya alasiri, karatasi mbili mapajani mwake, akizipitisha kidole. "Mwanangu," akaniambia, "huyu na huyu wote ni mimi. Wao wanamtaka yupi?"

Tukabaki na 1,041,000. Hata kama zingetosha, tulikuwa na kosa jingine: tuliliandika azimio letu kama azimio la kawaida, la kupita kwa nusu na zaidi. Katibu alijibu kwa barua fupi. Katiba ya kampuni inawapa wakurugenzi uendeshaji wa shughuli, na wanahisa wanaweza kuwaagiza wafanye jambo fulani kwa azimio maalumu tu, ambalo linahitaji asilimia 75 ya kura zinazopigwa. Azimio ambalo hata likipita halina nguvu, kampuni haina wajibu wa kulituma. Vilevile haina wajibu wa kutuma lenye kumchafulia mtu jina au la kuchokoza tu. Niliisoma barua ile mara tatu nikitafuta pa kupingia, sikuona. Alikuwa na haki.

Mwaka wa pili nilianza na katiba ya kampuni. Kila mwanahisa ana haki ya kupewa nakala, na ningeshauri mtu aisome kabla ya kuandika sentensi hata moja ya azimio. Tukaliandika upya kama azimio maalumu, kwa maneno machache: wakurugenzi waagizwe kupata ukadiriaji wa ardhi yote ya kampuni kutoka kwa mthamini aliyesajiliwa asiye na uhusiano na kampuni wala mwanahisa mkuu, na kuchapisha muhtasari wake katika ripoti ya mwaka unaofuata. Hatukumtaja mkurugenzi yeyote. Ami yangu mmoja alitaka tuandike kwamba bodi inaficha. Nilimkatalia. Neno lile moja lingewapa sababu ya kulitupa azimio zima.

Tulijua vizuri kwamba hatutashinda. Mwanahisa mkuu peke yake ana asilimia 52, na asilimia 75 haifikiwi bila yeye. Wenzangu wengine waliuliza, basi twahangaikia nini? Nilichowaambia ni kwamba azimio likishaingia katika taarifa ya mkutano, bodi italazimika kulijibu kwa maandishi mbele ya kila mwanahisa, na kura zitahesabiwa na kutangazwa. Swali la mdomo mkutanoni mwenyekiti hulijibu kwa "tumelipokea", likaishia hapo.

Upande wa tarehe nao tulijifunza. Ombi linatakiwa kufika si chini ya wiki sita kabla ya mkutano, na wakati huo tarehe ya mkutano mara nyingi haijatangazwa, kwa hivyo tulihesabu kwa kufuata mkutano wa mwaka uliopita. Ila faida kubwa iko mapema zaidi. Ombi lililotimia likifika kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, gharama za kulituma ni za kampuni. Likichelewa, wanaoomba wanaweza kutakiwa waweke pesa. Mwaka wa hesabu wa kampuni yetu unaishia 31 Desemba. Sisi tulifikisha barua tarehe 18 Desemba, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Safari hii benki ilitia saini yenyewe kwa ajili ya mfuko wa pensheni. Ilichukua wiki tatu za kufuatilia. Shangazi alikula kiapo mbele ya wakili kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, kisha akapeleka saini mpya kwa msajili. Za marehemu tuliziacha nje kabisa. Tukapata wengine wa Lamu, jumla ikawa 1,314,000. Niliwasisitizia wenzangu kwamba tusiridhike kufikia mstari, lazima tuuvuke kwa nafasi, na sababu ilionekana Januari. Katibu alimwandikia kila aliyetia saini athibitishe ndani ya siku saba. Mwenzetu mmoja, anayefanya biashara na kampuni, akajitoa na hisa zake 40,000. Simlaumu. Tulibaki na 1,274,000, na azimio likasimama.

Februari mwenyekiti wa bodi akanipigia simu baada ya magharibi. Alizungumza kwa heshima. Akasema bodi yenyewe ina nia ya kukadiria ardhi, na azimio letu litaleta picha mbaya sokoni, basi tuliondoe. Nikamwambia tutaliondoa siku tutakayopata barua yenye tarehe ya kazi kumalizika na ahadi ya kuchapisha. Barua ilikuja baada ya siku kumi, ikisema bodi "itazingatia suala hilo kwa wakati ufaao". Tulikutana watu saba nyumbani kwangu, tukaipitia neno kwa neno, tukakubaliana tusiondoe. Ingekuwa na tarehe, mimi ningekuwa wa kwanza kutia saini ya kuliondoa, maana tulichotaka ni ukadiriaji, kura haikuwa shabaha yetu.

Taarifa ya mkutano ilipotoka, azimio letu lilikuwa la mwisho kwenye orodha, na chini yake maelezo ya bodi: gharama ya ukadiriaji ni kubwa, ardhi haiuzwi, wanahisa washauriwe kupinga. Hapo ndipo maneno yao yalipotusaidia. Mfuko mwingine wa pensheni, ambao hatukuwahi kuzungumza nao, uliiandikia bodi ukiuliza gharama hiyo ni shilingi ngapi. Hawakuwa na jibu.

Mkutano ulifanywa kwa mtandao, kila mtu akajisajili na kupiga kura kwa simu yake. Kwetu huku hilo ni nafuu ya basi la usiku hadi Nairobi, lakini lina madhara yake: maswali yalitakiwa kutumwa kabla, na aliyeyachagua ni kampuni. Wazee wasioweza simu tuliwajazia fomu za uwakilishi, na hizo zilitakiwa zifike saa 48 kabla ya mkutano. Tatu zilichelewa, zikakataliwa.

Kura zilizopigwa zilikuwa 18,080,000. Waliounga mkono walikuwa na 4,130,000, yaani chini ya asilimia 23, na azimio likaanguka. Lakini toa hisa 12,480,000 za mwanahisa mkuu uone. Zinabaki 5,600,000, na katika hizo karibu robo tatu zilikuwa zetu. Hesabu hiyo niliiandika kwenye ukurasa mmoja, nikaituma kwa wakurugenzi wa kujitegemea mmoja mmoja, bila neno la ziada, kwa sababu kazi yao ni kuwatazama wanahisa wasio na mtu ndani ya bodi.

Ripoti ya mwaka uliofuata niliifungua kwenye simu nikiwa nasubiri mkate dukani. Maelezo ya hesabu yalikuwa na aya mpya: ardhi imekadiriwa na mthamini aliyesajiliwa, shilingi bilioni 1.9. Hiyo ni kama shilingi 79 kwa kila hisa kwa ardhi peke yake. Bodi haikututaja popote. Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi nikamsomea. Aliniuliza jina lake sasa limeandikwaje huko kwa msajili, neno moja au mawili.